Tarehe, Fedha na Simu: Namna ya Kuandaa Mtiririko wa Matukio wa Madai ya Mshahara

Mfanyakazi anayekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi wanaiita CMA, huwa amebeba kisa kirefu. Maswali anayokutana nayo huko ni mafupi. Ni mshahara wa mwezi gani haukulipwa? Ulilipwa kiasi gani, na lini? Nani alikwambia usirudi kazini, na alikwambiaje? Fomu ya kufungulia mgogoro, CMA F1, ina nafasi ndogo ya kueleza yote hayo. Wengi huijaza kwa maneno ya jumla kama "nimedhulumiwa mishahara ya muda mrefu", kisha siku ya usuluhishi wanaanza kupekua simu mbele ya msuluhishi wakitafuta ujumbe wa miezi sita iliyopita.

Dawa yake ni karatasi moja au mbili za kuambatanisha na fomu: mtiririko wa matukio. Hizi zinaonyesha kila jambo kwa tarehe yake, fedha iliyohusika, watu waliowasiliana na mahali ulipo ushahidi. Karatasi hiyo peke yake haithibitishi kitu, kwa kuwa imeandikwa na mlalamikaji mwenyewe. Nguvu yake iko kwenye vielelezo inavyovielekeza. Pia humsaidia mwandishi wake kwanza, kwa sababu humwonyesha mapema wapi madai yake yana nguvu na wapi yana tundu.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mwanamke mmoja ni mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza. Aliajiriwa tarehe 4 Januari 2021 kwa mshahara wa shilingi 260,000 kwa mwezi, unaolipwa mwisho wa mwezi. Kuanzia mshahara wa Machi 2024 akaanza kulipwa nusunusu. Jioni ya tarehe 31 Agosti 2024 meneja akampigia simu kwamba Jumatatu asiende kazini. Anataka kudai mapunguzo ya mshahara, na pia kulalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo halali.

Anza na karatasi, kumbukumbu zifuate

Kosa la kwanza hutokea kabla hata ya kuandika, pale mtu anapokaa na kuanza kukumbuka. Mtunza stoo wetu anakumbuka vizuri kwamba "Aprili ndipo walipoanza kunikata", kwa sababu ujumbe wa benki wenye kiasi pungufu ulimkuta katika wiki ya kwanza ya Aprili. Lakini fedha iliyoingia tarehe 5 Aprili 2024 ilikuwa mshahara wa Machi. Akiandika Aprili, hesabu yake yote itasogea mwezi mmoja mbele. Mwajiri atakuja na kitabu chake cha mishahara, tarehe hazitaoana, na mlalamikaji ataonekana hajui anachodai ilhali fedha anaidai kihalali.

Kwa hiyo kalamu isubiri hadi nyaraka ziwe mezani. Kwanza ni mkataba au barua ya ajira. Pili ni taarifa ya akaunti kutoka benki, ianzie miezi miwili au mitatu kabla ya tatizo, ili hali ya kawaida ionekane kabla ya mabadiliko. Tatu ni taarifa ya miamala ya simu, kama kuna fedha yoyote ya kazi iliyopita huko. Nne ni taarifa ya michango ya NSSF. Mwisho ni ujumbe mfupi, mazungumzo ya WhatsApp na orodha ya simu zilizopigwa. Orodha hii ya simu ishughulikiwe mapema, maana simu nyingi hufuta rekodi za zamani kadiri mpya zinavyoingia.

Kukosa mkataba wa maandishi kusimkatishe mtu tamaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri atunze maelezo ya maandishi ya ajira. Akishindwa kuyaonyesha kwenye shauri, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalobishaniwa. Mtunza stoo asiye na mkataba ataandika kwamba alipokea kiasi kilekile kila mwezi hadi Februari 2024, na taarifa ya benki itakuwa shahidi wake.

Mstari mmoja, tukio moja

Mtiririko wenyewe ni jedwali lenye safu tano: tarehe, tukio, kiasi, aliyehusika na namba ya kielelezo. Kila mstari ubebe tukio moja tu. Sehemu ya jedwali la mtunza stoo inaweza kusomeka hivi:

| Tarehe | Tukio | Kiasi (sh.) | Aliyehusika | Kielelezo |
|---|---|---|---|---|
| 5 Aprili 2024 | Mshahara wa Machi 2024 uliingia benki | 150,000 | Mwajiri | B1 |
| 14 Mei 2024 | Nilipokea advansi ya mshahara wa Mei, taslimu | 30,000 | Mhasibu | C1 |
| 3 Juni 2024, saa 7:20 mchana (13:20) | Nilimpigia meneja kuuliza mapunguzo. Nikatuma ujumbe wa kuthibitisha | – | Meneja | D1, D2 |
| 2 Julai 2024 | Meneja aliandika: "Madeni yote ya mishahara tutamaliza mwisho wa Agosti" | – | Meneja | D3 |
| 31 Agosti 2024, saa 12:40 jioni (18:40) | Meneja alipiga simu akasema nisifike kazini Jumatatu | – | Meneja | D4, D5 |
| 2 Septemba 2024, saa 2 asubuhi (08:00) | Nilifika dukani, mlinzi akanizuia getini | – | Mlinzi; mfanyakazi mwenzangu alikuwepo | E1 |

Mstari wa kwanza umetaja vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: siku fedha ilipoingia, na mwezi ambao fedha hiyo ni mshahara wake. Siku ya malipo ikae kwenye safu ya tarehe, na mwezi wa mshahara utajwe ndani ya tukio.

Mwezi uandikwe kwa jina lake. Tarehe iliyoandikwa 3/4/2024 mmoja ataisoma tarehe tatu Aprili, na mwingine, hasa anayetumia mfumo wa kompyuta unaotanguliza mwezi, ataisoma tarehe nne Machi. Saa nazo zina mtego wake kwetu sisi tunaohesabu kwa Kiswahili. Simu inaandika 18:40 na sisi tunasema saa 12:40 jioni, kwa hiyo ziandikwe zote mbili, na saa ya simu iwe kwenye mabano. Hatari zaidi ni saa za usiku. Ujumbe uliotumwa "saa 7 usiku wa tarehe 12" utaonekana kwenye simu kuwa wa saa 01:00 ya tarehe 13. Anayelinganisha jedwali na picha ya skrini ataona tarehe mbili tofauti. Hapo fuata tarehe ya simu, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kielelezo.

Safu ya tukio ieleze kilichotendeka au kilichosemwa, bila kukipa tafsiri. "Meneja alinitukana kwa kuwa hapendi wanawake stoo" ni hitimisho, na upande wa pili utalikana tu. "Meneja aliandika: 'Stoo inataka mwanaume'" ni tukio, na ujumbe wenyewe unaweza kuonyeshwa. Pale ambapo tarehe kamili haijulikani, andika "kati ya tarehe 10 na 14 Juni 2024" na useme unajuaje. Tarehe ya kubuni ikigundulika kuwa si kweli, hata zile za kweli zitaanza kutiliwa shaka.

Hesabu iwe na pande zote mbili

Kwenye fedha, swali la kwanza ni kama unalinganisha vitu vya aina moja. Mkataba unasema 260,000, lakini benki haijawahi kuonyesha kiasi hicho. Mwajiri anakata asilimia 10 ya NSSF, yaani 26,000, na kiasi hicho cha mshahara hakifiki kiwango cha kuanza kukatwa kodi. Fedha halisi ya mkononi ni 234,000. Akitoa 150,000 kwenye 260,000 atapata pengo la 110,000, na ndani yake kuna makato ambayo hata mwezi wa kawaida asingeyapokea. Pengo la mkononi ni 84,000. Achague kipimo kimoja, aseme juu ya jedwali kwamba "viasi vyote ni vya mkononi baada ya makato", na asibadilishe katikati.

Swali la pili ni yale aliyoyapokea na ambayo angependa yasionekane. Mtunza stoo alichukua advansi ya 30,000 mwezi Mei. Kuna kishawishi cha kuiacha, kwa kuwa alisaini kwenye daftari la mhasibu na nakala haijatoka. Lakini daftari hilo liko kwa mwajiri, na litakuwa kitu cha kwanza kuwekwa mezani. Advansi ikionekana kwenye jedwali la mlalamikaji mwenyewe, itapunguza dai kwa 30,000 na jambo litaishia hapo. Ikitolewa na upande wa pili, hata miezi mingine itaanza kuhojiwa.

Hesabu yake basi inakuwa hivi. Machi, Aprili na Juni alilipwa 150,000 kila mwezi, kwa hiyo kila mwezi una pengo la 84,000. Mei alipata 150,000 na advansi ya 30,000, pengo ni 54,000. Mshahara wa Julai haukulipwa kabisa, pengo ni 234,000. Kwa Agosti alitumiwa 100,000 kwa simu, pengo ni 134,000. Jumla ni shilingi 674,000.

Ile 100,000 ya Agosti inahitaji uangalifu. Ilitoka kwenye namba binafsi ya mhasibu tarehe 20 Agosti, na mhasibu aliandika tu "jikimu na hiyo kwanza". Je, ni sehemu ya Julai au ya Agosti? Aandike kama ilivyo: tarehe, kiasi, namba iliyotuma na maneno yaliyoambatana nayo. Ikihesabiwa Julai au Agosti, jumla haibadiliki. Kinachoweza kumletea shida ni kuihesabu mara mbili au kuisahau.

Michango ya NSSF nayo ina mahali pake. Tuseme taarifa ya mfuko inaonyesha michango ilikoma Februari 2024. Huo ni ushahidi mzuri, kwa sababu unatoka kwa taasisi ya tatu na unakubaliana na mwezi ambao mshahara ulianza kuyumba. Hata hivyo michango hiyo ni deni la mwajiri kwa mfuko, haiendi mfukoni mwa mfanyakazi. Iandikwe kama tukio, na kiasi chake kisijumlishwe kwenye 674,000.

Vivyo hivyo, stahili zinazotokana na kuachishwa kazi zikae karatasi ya pili. Chukua kiinua mgongo. Sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Mtunza stoo amekamilisha miaka mitatu, kwa hiyo ana siku 21. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26 kupata wa siku: 260,000 kwa 26 ni 10,000, na siku 21 ni 210,000. Hapa kipimo ni mshahara wa msingi kabla ya makato, tofauti na karatasi ya kwanza. Hiyo ni sababu tosha ya kutovichanganya.

Simu isiyo na maandishi

Safu ya mawasiliano ndiyo dhaifu kwa wengi, kwa kuwa kazini mambo mengi humalizwa kwa mdomo. Orodha ya simu inaonyesha kwamba namba fulani ilipiga saa fulani na mazungumzo yakachukua dakika nne. Haionyeshi kilichosemwa. Njia ya kuziba pengo hilo ni ujumbe mfupi unaotumwa mara tu baada ya kukata simu. Tarehe 3 Juni mtunza stoo aliandika: "Meneja, asante kwa muda wako. Kama ulivyonieleza kwa simu mchana huu, mshahara wa Mei umepungua kwa sababu biashara ni ngumu, na utanijulisha lini utakamilishwa. Kama sikuelewa vizuri naomba unisahihishe." Meneja akijibu, amethibitisha. Akinyamaza, kuna maandishi ya siku ileile ambayo hakuyapinga.

Ujumbe wa namna hiyo una uzito mkubwa zaidi tarehe 31 Agosti. Mwajiri aliyemfukuza mtu kwa simu anaweza baadaye kudai kwamba hakumfukuza, bali mfanyakazi mwenyewe aliacha kufika. Hoja ya utoro hupata nguvu pale mfanyakazi anapokaa nyumbani bila kuacha alama yoyote. Mtunza stoo ana alama tatu zinazofuatana: simu iliyoingia saa 12:40 jioni, ujumbe wake wa dakika chache baadaye akiuliza sababu za kuambiwa asirudi, na safari ya Jumatatu asubuhi iliyoishia getini. Mfanyakazi mwenzake aliyeshuhudia tukio hilo anaweza kuandika maelezo mafupi na kuyasaini. Aulizwe kwanza kama yuko tayari, kwa sababu bado anakula kwa mwajiri huyohuyo. Namba yake ya simu isiwekwe kwenye jedwali, maana nakala itamfikia mwajiri.

Picha za skrini zipigwe zikionyesha namba ya mtumaji. Jina kama "Bosi" umeliandika mwenyewe kwenye simu yako, na haliwezi kumtambulisha mtu mbele ya wengine. Ujumbe wa kabla na wa baada uonekane pia, ili isidaiwe kwamba maneno yamenyofolewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inapima uzito wa ushahidi wa aina hii kwa kuangalia, pamoja na mengine, jinsi ulivyotunzwa, kama haujaguswa na kama aliyeuandika anatambulika. Ndiyo maana simu yenye ujumbe wa awali isiuzwe wala kufutwa kumbukumbu zake hadi shauri liishe.

Jedwali linapokuonyesha kwamba siku zinakwisha

Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za mwaka 2007 zinatoa siku 30 kufikisha CMA mgogoro wa kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine, zikihesabiwa tangu mgogoro ulipotokea. Jedwali likishapangwa kwa tarehe, hesabu hii inafanyika kwa kidole. Kwa kuachishwa kazi tarehe 31 Agosti, siku ya thelathini ni 30 Septemba 2024. Kwa mishahara, hali inabadilika mwezi kwa mwezi.

Tuseme anafungua shauri tarehe 20 Septemba. Mshahara wa Julai ulipaswa kulipwa tarehe 31 Julai, na siku zake 60 zinafika 29 Septemba, kwa hiyo yuko ndani ya muda. Agosti haina tatizo. Lakini wa Juni, uliopaswa kulipwa tarehe 30 Juni, siku zake ziliisha 29 Agosti, na ya Machi, Aprili na Mei iliisha kabla ya hapo. Mwajiri anaweza kupinga kwamba miezi hiyo minne, yenye jumla ya 306,000, imeletwa nje ya muda. Hiyo ni karibu nusu ya dai.

Hapa ndipo ujumbe wa tarehe 2 Julai unapopata thamani. Meneja alikiri kwamba kuna madeni na akataja mwisho wa Agosti. Mtunza stoo anaweza kusema kwamba hakukaa kimya, alisubiri ahadi, na ahadi ilivunjika tarehe 31 Agosti. Ahadi hiyo peke yake hairefushi muda wa kisheria, kwa hiyo huenda akahitaji kuomba rasmi kuongezewa muda kwa ajili ya miezi hiyo. Katika maombi ya namna hiyo, Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba kila siku ya kuchelewa ielezwe, hata ikiwa ni moja. Mtiririko wake unakuwa maelezo hayo: siku hii niliuliza, siku ile nikaahidiwa, siku ile nyingine ahadi ikafika ukomo. Mahali penye wiki tatu zisizo na mstari wowote ndipo atakapoulizwa alikuwa anafanya nini, na ni afadhali aulizwe na jedwali lake nyumbani kuliko na mwamuzi.

Kabla ya kuambatanisha

Kazi ya mwisho ni kupanga vielelezo kwa namba zilezile za jedwali. Mkataba uwe A1, ukurasa wa benki wenye malipo ya tarehe 5 Aprili uwe B1 na mstari wake upigwe alama pembeni, na kadhalika. Kisha mpe mtu asiyekijua kisa, asome kuanzia juu hadi chini akiwa na vielelezo mkononi. Kila mstari anaoshindwa kuupatia kielelezo, ama utafutiwe ushahidi, ama uandikwe wazi kwamba ni maelezo yako mwenyewe, ama uondolewe. Jedwali la mistari 15 iliyosimama ni bora kuliko la mistari 40 ambalo nusu yake ni malalamiko.

Andika tarehe uliyolikamilisha, weka saini, na toa nakala ya kutosha. Fomu F1 hupelekwa kwa mwajiri kwanza, na CMA huhitaji uthibitisho kwamba ameipokea. Siku hiyo ya kumkabidhi nayo ni tukio: liongeze mwishoni, pamoja na jina la aliyepokea na muhuri wake. Baada ya hapo endelea kuandika kila simu na kila malipo mapya kwenye nakala yako.

Jambo moja tu halitaingia. Yanayosemwa mbele ya msuluhishi ni ya siri, na hayawezi kutumika dhidi ya aliyeyasema endapo usuluhishi utashindikana na shauri likaenda kwa mwamuzi. Kama mwajiri atajitolea kulipa 400,000 ndani ya chumba hicho na mtunza stoo akakataa, kiasi hicho hakiandikwi. Dai lake litaendelea kusimama kwenye 674,000, pamoja na stahili za karatasi ya pili, na kwenye vielelezo vyake.